Milimita 3 za nini? Kupima pailorasi ya mtoto anayetapika

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu: mvulana, wiki 5, anatapika, apigwe altrasaundi ya tumbo. Waliingia watatu: mama, kichanga ndani ya kanga, na bibi aliyebeba mkoba wa nepi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mchango tu unamsumbua, ila wamesema lazima apigwe picha."

Mama hakukubaliana naye. "Hacheui, dokta. Anarusha. Jana maziwa yamevuka kitanda, yameangukia sakafuni upande wa pili. Akimaliza kutapika anatafuta titi tena kama hajanyonya tangu jana."

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kupiga altrasaundi, lakini hospitalini kila mwenye koti jeupe ni dokta, nimeshachoka kusahihisha. Nikamuuliza swali ambalo huwa nauliza kabla hata ya kuwasha mashine: anachotapika kina rangi gani?

"Meupe. Saa nyingine yameganda kama mtindi."

"Hujawahi kuona kijani?"

"Hapana, hata siku moja."

Jibu hilo linaamua mambo mengi. Nyongo humwagika kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, hatua chache baada ya mfuko wa chakula. Matapishi yakiwa ya kijani, maana yake kizuizi kiko chini ya hapo, na hofu kubwa inakuwa utumbo uliojisokota. Hiyo ni dharura ya saa, na uchunguzi wake ni mwingine. Matapishi meupe yanayorushwa kwa nguvu, kwa mtoto wa wiki 3 hadi 6 mwenye njaa isiyoisha, yananipeleka moja kwa moja kwenye pailorasi.

Pailorasi ni mlango wa kutokea mfuko wa chakula. Ni mfereji mfupi uliozungukwa na pete ya msuli, ambayo hukaza na kulegea ili kupitisha chakula kidogo kidogo. Kwa watoto wachache, wavulana zaidi ya wasichana kwa kiasi cha wanne kwa mmoja, msuli huo huanza kunenepa wiki chache baada ya kuzaliwa. Unanenepa, unarefuka, na mfereji uliomo ndani yake unabanwa mpaka maziwa hayapiti. Mfuko wa chakula unasukuma kwa nguvu, mlango haufunguki, na njia iliyobaki ni kurudi juu. Daktari Harald Hirschsprung wa Kopenhageni aliueleza vizuri ugonjwa huu mwaka 1887. Mtu asidhani ni ugonjwa wa Wazungu tu: madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2015 taarifa ya watoto 102 waliowahudumia katika miaka 5.

Zamani madaktari wa upasuaji waliupapasa msuli huo kwa vidole, kinundu kigumu chini ya ini chenye ukubwa wa tunda la zeituni. Wapo wanaoweza mpaka leo. Lakini inataka mtoto aliyetulia, tumbo lililo laini na mkono wenye subira, na mtoto mwenye njaa hatulii. Tangu mwaka 1977, Teele na Smith walipoonyesha kwamba kinundu hicho kinaonekana kwa altrasaundi, kazi ya vidole imehamia kwetu. Nasi tumepewa namba za kufuata: unene wa msuli milimita 3 au zaidi, urefu wa mfereji milimita 14 au 15 kwenda juu. Wanafunzi huzikariri kwa pai ya hesabu, 3.14, yaani unene 3 na urefu 14.

Kukariri ni rahisi. Taabu inaanza unapojiuliza hizo milimita 3 ni za nini hasa, kutoka wapi hadi wapi, zimepimwa kwenye picha ipi, na zimedumu kwa muda gani.

Tumrudie mvulana wetu. Kadi yake ya kliniki ilionyesha amezaliwa na kilo 3.1, wiki ya 3 alifika 3.8, na leo mizani imesema 3.5. Mtoto wa umri huo anatakiwa kuongezeka kila siku. Huyu amerudi nyuma gramu 300. Utosi ulikuwa umebonyea kidogo. Mama alisema nepi ya usiku aliivua asubuhi ikiwa karibu kavu.

Nilitumia probu, yaani kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi, bapa na ya masafa ya juu, megahezi 12, ile tunayotumia kwa tezi ya shingo na mishipa. Naisisitiza kwa sababu hospitali nyingi zina probu iliyopinda tu, ya kuangalia wajawazito. Ile inaona mbali, lakini kitu chenye unene wa milimita 3 inakichora kama ukungu, na ukingo wa msuli hauonekani unaanzia wapi. Pailorasi ya kichanga iko sentimita 2 au 3 tu chini ya ngozi, kwa hiyo kina cha sentimita 4 au 5 kwenye skrini kinatosha. Jeli niliipasha moto kwa kuiloweka chupa yake kwenye maji ya uvuguvugu. Jeli ya baridi kwenye tumbo la mtoto wa kilo 3.5 inakugharimu dakika 10 za kilio, na katika dakika hizo huoni kitu.

Nilianza upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu, ini likiwa kama dirisha. Alama ya kwanza ninayoitafuta ni mfuko wa nyongo, kwa kuwa pailorasi huwa jirani yake, kuelekea katikati ya mwili na nyuma kidogo. Siku hiyo niliuona mfuko wa nyongo lakini jirani yake sikumwona. Kilichojaa skrini kilikuwa mfuko wa chakula, umevimba, ndani yake maziwa yenye mabonge yanayoelea.

"Amenyonya saa ngapi mara ya mwisho?"

"Saa 12 asubuhi. Nesi alisema nisimpe tena."

Ukutani ilikuwa saa 4. Saa nne nzima, na maziwa bado yapo. Kabla ya kupima chochote, hilo peke yake lilikuwa limeniambia kitu.

Mfuko uliojaa kupita kiasi unaisukuma pailorasi nyuma, inajikunja na kujificha. Wengi hapa huandika "haikuonekana" na kumrudisha mtoto wodini. Dawa yake ni kumgeuza kidogo mtoto alale kuelekea ubavu wa kushoto, maziwa yahamie huko na pailorasi iinuke mbele. Ikishindikana kabisa, wodi inaweza kupunguza maziwa kwa mpira wa puani. Mfuko ukiwa mtupu na umejaa gesi, tatizo linakuwa la upande wa pili: gesi inarudisha mawimbi yote na hakuna picha. Hapo mtoto hupewa maji kidogo ya glukosi kwa chupa, kisha analazwa kuelekea ubavu wa kulia ili maji yateremke mlangoni na gesi ipande kushoto. Kwa huyu wetu kumgeuza kulitosha. Mama alimpa kidole akakinyonya kwa hasira, na pailorasi ikatokea.

Sasa picha yenyewe. Ukiikata kwa urefu, pailorasi iliyonenepa inaonekana kama mikanda miwili myeusi iliyolala sambamba, na katikati yake kuna nyeupe. Mikanda myeusi ndiyo msuli, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Nyeupe ya katikati ni utando wa ndani wa mfereji, umebanwa na kukunjwa, mara nyingi ukionyesha mistari miwili myembamba ya maji yaliyonaswa kati ya mikunjo. Ukiikata kwa upana, inakuwa duara: pete nyeusi yenye jicho jeupe katikati.

Milimita 3 zinazozungumzwa ni unene wa mkanda mweusi mmoja. Alama ya kwanza ya kipimo inawekwa kwenye ukingo wa nje wa weusi, ya pili pale weusi unapokwisha na weupe kuanza. Utando mweupe haumo, na mkanda wa upande wa pili haumo.

Siku hiyo nilikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo. Nikampa mashine apime. Aliweka alama ya kwanza vizuri, ya pili akaiweka katikati kabisa ya mfereji. Skrini ikaandika milimita 6.1.

"Ni chanya," akasema.

"Umepima nini?"

"Ukuta."

"Fomu inauliza msuli. Rudia."

Akarudia: 4.3. Nikamwambia apime tena mahali pengine kwenye msuli uleule, ikaja 4.2, na kwenye picha ya upana 4.4. Vipimo vitatu vinavyokubaliana namna hiyo, naviamini.

Kwa mtoto huyu kosa la kwanza lisingedhuru. Kwa 6.1 au 4.3, jibu ni lilelile. Ndiyo maana kosa hili linaishi muda mrefu mikononi mwa watu: kesi zilizo wazi hazikuonyeshi kwamba unapima vibaya. Chukua sasa mtoto asiye na ugonjwa, msuli wake una milimita 1.6 na utando wake 1.5. Mpimaji anayejumlisha vyote viwili anapata 3.1, anaandika chanya, na mtoto anayecheua tu anaandaliwa kwa upasuaji ambao hauhitaji. Kati ya msuli wa kawaida, ambao huwa chini ya milimita 2, na ule mgonjwa, nafasi ya kukosea ni kama milimita moja tu. Unene wa utando unaizidi nafasi hiyo.

Kosa la pili ni la kisu. Kata muhogo wima katikati, utaona uzi wake wa kati umenyooka kutoka ncha hadi ncha, na ganda la pande zote mbili lina unene ule ule. Sasa ukate mshazari, pembeni mwa uzi. Ganda linaonekana nene maradufu, na muhogo ni uleule. Probu ni kisu. Ikipita pembeni ya mfereji, msuli wa kawaida unaonekana mnene, na namba itakayotoka itakuwa sahihi kabisa kwa picha ya uongo. Kwa hiyo sipimi kwenye picha ya urefu mpaka nione ule weupe wa kati umenyooka wote, kuanzia mfuko wa chakula hadi duodeni, na mikanda ya pande mbili ikilingana. Mkanda mmoja ukiwa 4 na mwingine 2, mara nyingi mkono wangu ndio umeteleza. Sehemu ya mwisho ya mfuko wa chakula nayo, ikijikaza, huweza kujifanya pailorasi kwa sekunde kadhaa.

Picha ya upana inasaidia kuthibitisha, ila nayo ina hila yake. Pete haiwi nyeusi sawasawa. Juu kabisa na chini kabisa, pale saa ingeonyesha 12 na 6, mawimbi yanagonga nyuzi za msuli wima na kurudi kwa wingi, basi msuli unang'aa kidogo na ukingo wake unachanganyika na utando. Pande za saa 3 na saa 9 unabaki mweusi. Asiyejua hili atasema msuli umekonda juu na chini.

Urefu sasa. Unapimwa kwenye picha ya urefu, kuanzia pale msuli mnene unapoanza upande wa mfuko wa chakula, hadi unapokoma kwenye mdomo wa duodeni. Kwa maneno ni rahisi, kwenye skrini si rahisi hivyo. Mfereji mgonjwa hupinda kama ndizi, na mashine nyingi hupima mstari ulionyooka, kwa hiyo urefu unapungua wenyewe. Mwisho wa upande wa mfuko nao haukatiki ghafla. Utando uliovimba unachomoza ndani ya mfuko kama chuchu, na watu wawili wanaweza kuweka alama mahali pawili tofauti kwa milimita 2. Hapo ndipo zinapotoka tofauti za hospitali na hospitali: moja inataka 14, nyingine 15, nyingine 17. Binafsi nauamini unene kwanza. Urefu nauchukulia kama shahidi wa pili, mwenye macho mazuri lakini aliyesimama mbali.

Wa mvulana ulikuwa milimita 19 kwa mstari ulionyooka. Huko hakuna hospitali ambayo ingebishana.

Lakini sikumaliza hapo. Namba yoyote ya pailorasi ni namba ya dakika fulani. Msuli huu kazi yake ni kukaza na kulegea, na hata wa mtoto mzima, ukikamatwa ukiwa umekaza, unaonekana mnene na mrefu. Kuna watoto ambao pailorasi yao hukaza kwa dakika nyingi mfululizo bila ugonjwa wa kudumu. Ukipima dakika ya 2 unapata 3.1, dakika ya 9 mlango unafunguka, maji yanapita kwa fujo kuingia duodeni, na msuli unarudi kuwa 1.8. Ukiwa umeshazima mashine dakika ya 3, umempa mtoto ugonjwa kwa kalamu.

Kwa hiyo tukakaa. Kijana alishika probu, mama alimshika mtoto, bibi akakaa kwenye kiti cha plastiki. Tuliangalia kwa dakika 15. Kwenye skrini mfuko wa chakula ulikuwa unajikunja kwa mawimbi kutoka kushoto kwenda kulia, wimbi linafika mlangoni, maziwa yanagonga, yanarudi nyuma kwa kuzunguka. Linakuja lingine. Hata juu ya ngozi, taa ikipigwa kwa upande, mawimbi hayo yalionekana kama mpira mdogo unaopita chini ya shuka. Hakuna tone lililovuka. Tulipopima tena mwishoni unene ulikuwa 4.3 na urefu 19, kama mwanzo. Mtu akitaka kujua tofauti ya msuli uliokaza na msuli uliougua, tofauti ni hiyo: mmoja unabadilika ukiutazama, mwingine haubadiliki.

"Mchango?" bibi akauliza.

"Hapana bibi. Mlango wa mfuko wa chakula umeziba kwa nyama yake mwenyewe."

"Basi mtaufungua?"

"Watamfanyia upasuaji mdogo, lakini sidhani kama ni leo."

Hilo la "si leo" huwa linawashangaza watu, hata baadhi ya wafanyakazi wenzetu. Mtoto aliyetapika kwa wiki mbili amemwaga asidi ya mfuko wa chakula, na pamoja nayo kloridi. Damu yake inaegemea upande wa besi, na figo zikijaribu kuokoa maji na chumvi zinapoteza potasiamu. Mtoto wa namna hiyo akipewa dawa ya usingizi anaweza kuacha kupumua baada ya upasuaji. Kwanza anawekewa dripu ya chumvi na glukosi, potasiamu inaongezwa akishaanza kukojoa, damu inarudiwa kupimwa. Madaktari wengi hungoja kloridi ipande hadi 100 au zaidi na bikaboneti ishuke chini ya 30. Kwa kawaida ni siku moja au mbili. Kipimo changu kinathibitisha ugonjwa. Saa ya kuingia chumba cha upasuaji inaamuliwa na maabara. Mvulana wetu aliingia siku ya tatu asubuhi.

Wiki ileile nilipata mwingine, na huyu ndiye aliyenichosha. Msichana wa siku 19, anatapika tangu juzi, uzito haujashuka ila umesimama. Pailorasi niliiona vizuri, mfereji umenyooka, kila kitu mahali pake. Unene 2.6. Urefu 13. Mlango ulifunguka mara moja katika dakika 20, kwa shida, maji kidogo yakapita, ukafunga.

Kati ya milimita 2 na 3 hakuna jibu. Inaweza kuwa mkazo wa kupita. Inaweza pia kuwa ugonjwa wenyewe uko njiani, kwa kuwa msuli huu huendelea kunenepa baada ya kuzaliwa, na mtoto wa wiki ya 3 akiletwa mapema unamkuta katikati ya safari. Kwa watoto wadogo sana na njiti, msuli mgonjwa unaweza hata kuwa haujafika 3. Nilichoka kwa sababu kila mtu alitaka nichague upande. Daktari wa zamu alinipigia: "Ni chanya au hasi?" Nikamjibu ni 2.6, na apimwe tena baada ya siku mbili. Hakufurahi. Ni kweli jibu hilo linakera, hasa kwa familia iliyotoka mbali kwa basi, ndiyo maana niliomba alazwe awe anapimwa uzito na kupewa maji badala ya kurudishwa nyumbani.

Nilimuuliza mama yake kama mtoto aliwahi kupewa dawa yoyote tangu azaliwe. Akasema alipewa dawa ya maji ya kifaduro, jina halikumbuki, siku za mwanzoni. Erithromaisini, mtoto akiipata katika wiki 2 za kwanza za maisha, inaongeza uwezekano wa ugonjwa huu. Jina la dawa halikujulikana, kwa hiyo halikuthibitisha chochote, lakini niliandika kwenye ripoti ili daktari aifuatilie.

Baada ya saa 48 nilimpiga tena, kwa probu ileile, mkao uleule, na mkono wangu mwenyewe. Hilo la mkono uleule si majivuno. Unapofuatilia badiliko la chini ya milimita moja, tofauti ya mpimaji na mpimaji inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya mtoto wa juzi na wa leo. Unene 3.4, urefu 16, dakika 20 hakuna kilichopita. Safari hii daktari hakuhitaji kuniuliza.

Katika ripoti siandiki "chanya" peke yake. Naandika unene wa msuli mmoja bila utando, urefu, nilitazama dakika ngapi, maji yalipita au hayakupita, na kama mfuko wa chakula ulikuwa umejaa kabla ya kuanza. Ya mvulana ilisomeka hivi: msuli milimita 4.3, mfereji milimita 19, dakika 15, hakuna kilichopita, maziwa bado yapo saa 4 baada ya kunyonya. Daktari anayesoma mistari hiyo anaweza kubishana nami kwa hoja. Akisoma "chanya" hana la kufanya ila kuniamini au kutoniamini.

Upasuaji wenyewe ni mfupi na ni ule ule alioubuni Conrad Ramstedt, Mjerumani, katika miaka ya 1911 na 1912. Msuli unapasuliwa kwa urefu mpaka utando wa ndani uchomoze, na utando hautobolewi. Msuli haukatwi ukaondolewa. Unaachwa pale pale, umefunguka kama ganda la karanga.

Kutokana na hilo kuna fomu moja huwa inarudi kwangu. Siku 10 baada ya upasuaji mvulana aliletwa tena. Alikuwa ametapika mara mbili tangu atoke wodini, na mtu fulani aliandika: "Apigwe altrasaundi, je ugonjwa umerudi?" Nikapima, msuli milimita 3.9. Kwa namba hiyo peke yake mtoto angerudishwa kwenye meza ya upasuaji, ilhali msuli uliopasuliwa hubaki mnene kwa wiki nyingi kabla haujarudi kuwa wa kawaida, na watoto wengi hutapika kidogo siku za mwanzo. Mizani ilisema kilo 4.0. Nikamwomba mama amnyonyeshe pale pale kitandani, nikaweka probu na kungoja. Dakika ya 3 mlango ulifunguka, maziwa yakapita kwenye duodeni kama mchanga mweupe unaomiminika. Bibi, ambaye safari hii alikuwa amesogeza kiti karibu na skrini, akauliza kile kinachopita ni nini.

"Ni maziwa, bibi. Yanashuka."

Nikaandika 3.9, na mstari wa chini yake: yanapita.